Nyota moja na programu inayojifunga: umjibu vipi mtumiaji hadharani?

*"Nina programu ndogo ya kuandika mauzo na madeni, ipo Google Play. Juzi niliweka toleo jipya, 2.4. Leo mtumiaji mmoja amenipa nyota moja na kuandika: 'Tangu niweke toleo jipya inajifunga kila nikiifungua. Madeni yote ya wateja wangu yamo humo. Takataka.' Kwenye simu yangu inafanya kazi vizuri, na kwa rafiki zangu pia, kwa hiyo nadhani tatizo ni simu yake. Nataka kumjibu kwa heshima, nimwambie aifute kisha aiweke upya. Niandikeje ili asiendelee kuniharibia jina, na je, nyota ile inaweza kubadilika?"*

Kabla hujaandika neno lolote la heshima, naomba usimwambie aifute. Hilo ndilo kubwa katika jibu langu lote. Ushauri wa "ifute kisha iweke upya" umezoeleka mno, na mara nyingi kweli programu hufunguka baada ya hapo. Lakini mtu huyu amekuambia jambo ambalo ni rahisi kulipita kwa sababu limefuatwa na neno "takataka": madeni ya wateja wake yamo humo. Akiifuta programu, simu hufuta pamoja nayo kila ilichohifadhi ndani yake. Programu itafunguka safi kabisa, ikiwa tupu. Hapo utakuwa umemponya kuumwa kichwa kwa kukikata kichwa.

Kwa maelezo yako, nina sababu nzuri ya kudhani kwamba madeni yake bado yapo, salama, ndani ya simu ile ile inayogoma kufungua programu. Ni vyema uelewe kwa nini, kwa sababu jibu la hadharani linalosaidia huandikwa na mtu aliyekwisha kujua kinachotokea.

Tazama tena alichoandika: "tangu niweke toleo jipya" na "kila nikiifungua". Tatizo limeanza na sasisho, na programu inakufa mlangoni, kabla hajagusa chochote. Wewe na rafiki zako hamlioni. Tofauti kati yenu na yeye huenda haihusiani na aina ya simu hata kidogo. Mara nyingi tofauti ni hii: ninyi mmeweka 2.4 kwenye simu ambayo haikuwa na programu hiyo, au mmeifuta na kuiweka tena mara nyingi wakati wa majaribio, ilhali yeye ameiweka 2.4 juu ya 2.3 iliyojaa kumbukumbu zake.

Programu ya aina yako huweka kumbukumbu kwenye hifadhidata, faili moja ndani ya simu lenye majedwali. Tuseme katika 2.3 jedwali la mauzo lilikuwa na safu za bidhaa, kiasi na bei. Katika 2.4 ukaongeza safu ya punguzo. Kwa anayeanza leo hakuna shida, maana jedwali linatengenezwa likiwa na safu zote nne tangu mwanzo. Kwa mteja wako, faili la zamani lenye safu tatu lipo tayari, na 2.4 inapolifungua inakuta muundo isioutarajia. Kama hukuandika maelekezo ya kulihamisha faili hilo kutoka muundo wa zamani kwenda mpya, programu hujifunga hapo hapo. Inajifunga bila kugusa kumbukumbu. Ndiyo maana nasema madeni yake huenda yapo kamili.

Usinisadiki kwa maneno matupu, hakikisha. Fungua Play Console, nenda kwenye ukurasa wa maoni, usome maelezo yaliyo pembeni ya maoni yake. Huko utaona aina ya simu, toleo la Android na toleo la programu alilokuwa nalo alipoandika. Kisha nenda Android vitals, sehemu ya kujifunga kwa programu, uchuje kwa toleo 2.4. Si kila kosa hufika huko, na huchelewa kidogo, lakini likiwemo utasoma maneno yenyewe ya kosa. Kama unatumia Room, ambayo ndiyo njia ya kawaida ya kushughulikia hifadhidata kwenye Android, kosa ninalolizungumzia linaanza hivi:

```
java.lang.IllegalStateException: A migration from 3 to 4
was required but not found.
```

Namba 3 na 4 hapo ni matoleo ya hifadhidata, usizichanganye na 2.3 na 2.4 za programu. Zako zinaweza kuwa nyingine.

Usipoona kitu huko, lizalishe kosa mwenyewe. Weka 2.3 kwenye simu ya majaribio, andika madeni mawili matatu ya uongo, kisha weka 2.4 juu yake bila kuifuta. Matoleo yote mawili yawe yametiwa saini kwa ufunguo ule ule, la sivyo simu itakataa.

```
adb install app-2.3.apk
adb install -r app-2.4.apk
adb logcat -b crash
```

Fungua programu. Ikijifunga mbele ya macho yako, umeshapata jibu la swali la "mbona kwangu inafanya kazi", na unajua pia kwamba mtu yule hayuko peke yake. Kila mtumiaji wa zamani aliyesasisha yuko katika hali hiyo hiyo. Wengi wao hawataandika maoni. Watajaribu mara mbili tatu, kisha wataifuta.

Kwa sababu hiyo jibu lako halimhusu mmoja. Google Play hulionyesha chini ya maoni yake, na mtu mwingine aliyekwama vile vile atakuja pale kutafuta kama kuna wenzake. Ukimwandikia huyu "usiifute", umewaandikia wote.

Sasa tuje kwenye maneno. Google Play inakupa herufi 350 kwa jibu moja, nafasi na vituo vikihesabiwa. Ni kidogo. Hakuna nafasi ya kueleza Room ni nini, wala ya kusimulia jinsi mnavyowajali watumiaji. App Store inaruhusu maandishi marefu zaidi, lakini hata huko ningeandika hivi hivi, kwa sababu mtu mwenye hasira na simu mkononi hasomi insha. Ukishathibitisha kwamba kosa ni lile la hifadhidata, mimi ningeandika:

> Pole sana kwa usumbufu huu. Tafadhali usiifute programu wala data zake: madeni uliyoandika bado yamo kwenye simu yako. Kosa ni letu, liko kwenye toleo la 2.4, na linawapata waliokuwa na toleo la zamani. Tunaandaa toleo la 2.5, likifika, bonyeza Sasisha tu. Kama umeshaifuta, tuandikie:

Baada ya nukta mbili weka anwani ya barua pepe ya msaada. Maneno haya yanakula herufi karibu 285, hivyo anwani itaenea.

"Pole" imekaa mwanzo, ni fupi, na haina sharti. Watu wengi huandika "pole kama umepata usumbufu". Neno "kama" hapo linamwambia kwamba huna hakika kama amesumbuka, na yeye ameshasema amesumbuka. Usimsahihishe pia kuhusu "takataka", wala usilitaje. Ametukana programu, hakukutukana wewe, na chini ya tusi lile kuna mtu anayeogopa kupoteza hesabu za watu wanaomdai na anaowadai.

Katazo linakuja la pili kwa sababu ndilo lenye haraka. Kila saa inayopita anaweza kushauriwa na mwenzake aifute. Nimeandika "wala data zake" kwa makusudi. Kwenye mipangilio ya simu kuna kitufe cha kufuta akiba ya muda na kingine cha kufuta data yote ya programu, na mara nyingi vimekaa karibu karibu. Cha kwanza hakigusi kumbukumbu, wala hakitatibu kosa hili. Cha pili kinafuta kila kitu sawa na kuiondoa programu. Mtu wa kawaida hawezi kutakiwa ajue tofauti hiyo wakati ameshapaniki, ndiyo maana ni salama zaidi kumwomba asiguse chochote.

"Kosa ni letu" nimeiweka kwa sababu ni kweli na kwa sababu inamwondolea mashaka. Hadi sasa huenda anadhani simu yake imechoka, au yeye ndiye aliyebonyeza vibaya. Kutaja toleo la 2.4 na kutaja wanaoathirika kunamfaa pia msomaji mgeni, kwa kuwa ataelewa ni kosa lenye mipaka.

Utaona sikumpa tarehe. Utatamani kuandika "kesho litakuwa sawa". Usifanye hivyo. Toleo jipya hupitia ukaguzi wa duka, na ukaguzi huo unaweza kuchukua saa chache au siku kadhaa, huna mamlaka nao. Ukiahidi kesho na kesho ikapita, utapata maoni ya pili makali kuliko ya kwanza, na safari hii yatakuwa na haki.

Kuna mambo mawili zaidi ambayo sikuyaandika kwa makusudi. La kwanza ni "wasiliana nasi kupitia menyu ya msaada ndani ya programu". Linaonekana katika majibu mengi sana, na kwa mtu ambaye programu yake haifunguki ni kama kumfukuza. La pili ni kumwomba namba yake ya simu au jina alilojisajilia. Ukurasa ule unasomwa na yeyote. Mpe anwani yako, yeye aje.

Ikiwa umetafuta na bado hujajua chanzo, usiandike "madeni yako bado yamo". Hujui. Andika "tafadhali usiifute programu kwa sasa, huenda kumbukumbu zako bado zipo, tunatafuta chanzo", kisha mwombe akuandikie kwa barua pepe na kukueleza inajifunga pale anapoifungua tu au baada ya kubonyeza kitu fulani. Kosa linaweza kuwa la aina nyingine kabisa. Programu inayofunguka vizuri lakini ikajifunga ukitazama picha kubwa, kwa mfano, kwa kawaida imeishiwa kumbukumbu ya kazi, na hapo utaona `OutOfMemoryError`. Hiyo dawa yake ni tofauti, na katazo la kufuta halina uzito ule ule. Ila hata hapo halina madhara, kwa hiyo libakize mpaka ujue.

Jibu lako limeahidi toleo la 2.5, na hapa kuna mtego unaonipa wasiwasi kuliko maneno yote ya hadharani. Ukisoma ujumbe wa kosa la Room mpaka mwisho, wenyewe unakupendekezea njia mbili. Moja ni kuandika maelekezo ya kuhamisha data. Nyingine ni kuweka `fallbackToDestructiveMigration`. Hii ya pili ni fupi, na programu itaacha kujifunga mara moja. Lakini inafanya hivyo kwa kuyafuta majedwali ya zamani na kuanza upya. Ukiitumia, umemwambia mtu hadharani kwamba madeni yake yapo na asubiri, amekusikiliza, amebonyeza Sasisha kama ulivyomwelekeza, na ni sasisho lako ndilo lililoyafuta. Kama tayari mstari huo umo mahali fulani kwenye programu yako, uondoe kabla hujaendelea.

Njia sahihi kwa mfano wetu wa safu ya punguzo si ndefu:

```kotlin
val MIGRATION_3_4 = object : Migration(3, 4) {
    override fun migrate(db: SupportSQLiteDatabase) {
        db.execSQL("ALTER TABLE mauzo ADD COLUMN punguzo INTEGER NOT NULL DEFAULT 0")
    }
}
```

Kisha uitaje kwa `.addMigrations(MIGRATION_3_4)` pale unapotengeneza hifadhidata. Maana yake: chukua jedwali lililopo, liongezee safu ya punguzo, na kwa kila mauzo ya zamani andika sifuri. Hakuna kinachofutwa. Wale ambao kwao ni usakinishaji mpya tayari wako kwenye muundo wa 4, hivyo maelekezo haya hayatawagusa.

Rudia jaribio lile la mwanzo, sasa kwa safari zote mbili. Kwanza 2.3 yenye madeni, kisha 2.5 juu yake. Halafu 2.3, kisha 2.4 iliyojifunga, kisha 2.5, kwa maana hiyo ndiyo njia aliyopitia mteja wako. Hesabu madeni uliyoandika mwanzoni, uyakute yote. Ndipo upandishe, ukikumbuka kwamba `versionCode` lazima iwe kubwa kuliko ya 2.4. Kama 2.4 bado unaisambaza kwa hatua, isimamishe leo hii. Kuisimamisha hakutawasaidia waliokwisha kuipata, maana duka haliwarudishi watu kwenye toleo la zamani, lakini wengine hawataingia shimo hilo.

2.5 ikishapatikana, rudi kwenye jibu lako ulihariri. Kila maoni yana jibu moja tu la msanidi, kwa hiyo maneno mapya yatachukua nafasi ya yale ya kwanza:

> Toleo la 2.5 limefika. Tafadhali bonyeza Sasisha bila kufuta chochote, kisha fungua programu. Madeni yako yatakuwepo kama ulivyoyaacha. Samahani kwa kukuweka roho juu. Likijifunga tena, tuandikie:

Kama alikutumia barua pepe, mwandikie na huko pia. Usitegemee kwamba atarudi dukani kuangalia.

Kuhusu nyota: ndiyo, inaweza kubadilika, lakini wa kuibadilisha ni yeye peke yake. Google Play humjulisha mtumiaji anapojibiwa, naye anaweza kuhariri maoni yake wakati wowote. Kumpa zawadi ili aongeze nyota ni kinyume cha masharti ya duka. Kumwomba bila zawadi si kosa, ila mimi singeweka ombi hilo kwenye jibu la hadharani, hasa la kwanza, wakati programu yake bado imekufa. Linafanya pole yote ionekane ilikuwa ya kutafuta nyota. Akikuandikia kwamba madeni yake ameyakuta, hapo unaweza kumwambia kwa upole kwamba akiona inafaa anaweza kurekebisha maoni yake. Asipofanya hivyo, mwache. Wala usiyaripoti maoni yale ili yaondolewe. Kuripoti ni kwa matusi kwa mtu, matangazo na maoni ya uongo, na haya ni ya kweli: programu ilijifunga.

Kwa ambaye tayari ameifuta, nitasema wazi. Kumbukumbu zilizokuwa kwenye simu tu, kwa kawaida hazirudi. Kuna nafuu moja. Android tangu toleo la 6 inaweza kuhifadhi nakala ya data za programu kwenye akaunti ya Google ya mtumiaji, mwisho MB 25 kwa kila programu, ikiwa mtumiaji ameruhusu na wewe hukuizuia. Akiiweka programu upya, nakala hiyo inaweza kurejeshwa yenyewe. Na hapa utaelewa lalamiko jingine ambalo huenda likakufikia: "nimeifuta, nimeiweka tena, bado inajifunga". Huyo amerudishiwa faili la zamani, nalo bado halina safu ya nne. Ni habari njema kwake. Mwambie asubiri 2.5.

Anayeishi karibu na wewe na ana hofu, mkaribishe aje na simu. Usimwahidi kwamba utalitoa faili lake kwa waya, kwa sababu kwenye simu isiyofunguliwa mamlaka ya ndani, yaani isiyo na root, kwa kawaida huwezi kufikia data za programu iliyochapishwa dukani. Utakachoweza ni kukaa naye, kuangalia kwenye mipangilio ya simu kwamba data za programu bado zinachukua nafasi, na kuwa pale anapobonyeza Sasisha. Kwa mtu mwenye madeni ya biashara nzima mle ndani, hilo si dogo.

Na wewe mwenyewe, kama hifadhidata yako imebadilika mara nyingi bila kuweka kumbukumbu ya mabadiliko, au kama 2.4 ilibadilisha majina ya safu au kugawa jedwali moja kuwa mawili, usiandike maelekezo ya kuhamisha peke yako usiku huu ukiwa na haraka. `ALTER TABLE` ya mstari mmoja haitatosha hapo. Mtafute mtu anayeijua SQLite, mkae pamoja mbele ya faili halisi la toleo la zamani, mlijaribu kwenye nakala kabla ya kupandisha. Jibu la hadharani unaweza kuliweka sasa hivi; lile katazo la kufuta ndilo litakalokupa muda.